Nyuma ya Picha za Wanafunzi Bora: Jinsi ya Kulisoma Bango la Pongezi

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na watahiniwa katika siku ya kuwatuza wanafunzi bora wa KCSE ya mwaka 2024



Kwanza ni pongezi. Watahiniwa walioketi viti vya mbele leo wamefanya kazi, na kila mtu hapa ameiona. Heko kwao, heko kwa walimu wao, na heko kwa wazazi waliouza mbuzi, omena au magunia ya mahindi ili karo ilipwe.

Tangu matokeo yatangazwe tarehe 9 Januari 2025, mabango ya pongezi yamejaa kote katika kaunti hizi mbili. Ukitoka Isebania ukipitia Migori mjini, Awendo na Rongo, kisha ukaingia Homa Bay hadi Oyugis au Mbita, utayaona kwenye malango ya shule na utayapokea kwenye simu. Yote yanafanana. Juu pana jina la shule, katikati picha za wanafunzi watatu au wanne, na chini yake wastani wa shule na mshale unaoelekea juu.

Mabango hayo yana kazi yake. Mtoto anayeona picha ya jirani yake pale juu huamini kwamba naye anaweza. Lakini mabango hayohayo huwafanya wazazi kufanya maamuzi makubwa. Mzazi wa Nyatike au wa Suba humwondoa mtoto katika shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani, akalipa karo ya bweni mara kadhaa zaidi, kwa sababu ya namba moja aliyoiona kwenye bango. Kwa hiyo, siku ya pongezi ni siku nzuri ya kuifungua namba hiyo na kuangalia kilichomo ndani.

Tuanze na wastani wenyewe, tukitumia shule ya mfano. Shule hii haipo, lakini walimu waliopo hapa watakubali kwamba inafanana na shule nyingi za kutwa za kwetu. Ina watahiniwa 50. Mmoja amepata A-, wawili B+, wanne B, sita B-, na wanane C+. Kumi wamepata C, wanane C-, sita D+, wanne D, na mmoja D-.

Kila gredi ina pointi zake. A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na hivyo hivyo kushuka hadi E ambayo ni 1. Mwalimu huzidisha idadi ya watahiniwa wa kila gredi kwa pointi za gredi hiyo, akajumlisha zote. Katika shule yetu jumla ni pointi 309. Akizigawa kwa watahiniwa 50 anapata 6.18. Hiyo ni C, na ndiyo namba itakayoandikwa kwenye bango.

Sasa tazameni bango lenyewe. Picha zitakuwa tatu: yule wa A- na wale wawili wa B+. Wote watatu kwa pamoja wameleta pointi 31. Pointi 278 zilizobaki zimeletwa na wenzao 47 wasio na picha. Kama yule wa A- angejikaza zaidi akapata A, shule ingeongeza pointi moja tu, na wastani ungepanda kutoka 6.18 hadi 6.20. Lakini kama wale wanne wa D wangesaidiwa wakafika C-, pointi nane zingeongezeka, na wastani ungekuwa 6.34.

Hili si la kumpunguzia sifa mwanafunzi wa kwanza. Gredi yake ni yake, na itamfungulia milango. Lakini wastani wa shule hauinuliwi na yeye. Huinuliwa na kundi la katikati na la chini, na hapo ndipo kazi kubwa ya mwalimu ilipo.

Kazi hiyo inaonekanaje? Chukua Kemia. Mtihani una karatasi tatu, na ile ya majaribio ya maabara ina alama 40 kati ya 200. Shule isiyo na maabara ya kutosha huwafikisha watahiniwa Kidato cha Nne wakiwa wameshika bureti mara mbili tatu. Mwanafunzi wa kwanza atahangaika, lakini atapita, kwa kuwa karatasi mbili za nadharia zitamwokoa. Mwanafunzi dhaifu hana mahali pengine pa kuokolewa. Na katika ile karatasi ya majaribio zipo alama zinazopatikana kwa utaratibu tu: kuijaza jedwali yote, kuandika vipimo vyote kwa idadi moja ya desimali, na kusoma bureti kwa usahihi. Mwalimu anayewapanga wanafunzi wake kwa zamu kila wiki tangu Kidato cha Tatu, hata kwa vifaa vichache, huwapa walio chini alama ambazo wangezikosa kabisa.

Au chukua Kiswahili. Insha ina alama 40, na mtahiniwa huandika mbili, kila moja alama 20. Mwanafunzi anayeandika insha moja kwa muhula atafanya makosa yaleyale hadi siku ya mtihani. Anayeandika moja kila wiki, ikasahihishwa na kurudishwa kabla hajaandika nyingine, ataachana nayo. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 50 anasahihisha insha 50 kila wiki, mara nyingi usiku. Kazi hiyo haina picha kwenye bango, lakini imo ndani ya ile 6.18.

Kati ya walimu hao wapo walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, na wapo walioajiriwa na bodi za shule kwa malipo madogo. Hawa wa bodi huondoka mara kwa mara, kwa sababu TSC ikiwaita huenda. Inawezekana kwamba mwalimu aliyewafundisha watahiniwa wa 2024 walipokuwa Kidato cha Pili na cha Tatu leo yuko kaunti nyingine, na jina lake halitasomwa. Shule inayotaka kupongeza kwa haki humtafuta mtu huyo na kumtaja. Simu moja inatosha.

Sasa tuje kwenye upande mgumu wa namba hii. Wastani unaweza kupanda bila mtoto yeyote kujifunza zaidi. Turudi kwenye shule yetu ya mfano. Tuseme wale wanne wa D na yule mmoja wa D- hawakuwemo. Labda mwaka uliotangulia waliambiwa warudie darasa, au walishauriwa wakajisajilie mtihani mahali pengine. Watahiniwa wanabaki 45 na pointi 295. Gawa, utapata 6.56. Bango litaonyesha mshale umepanda, na kuna watu watapiga makofi. Kilichotokea ni kwamba watoto watano wameondolewa kwenye hesabu.

Mzazi atajuaje? Kuna njia rahisi. Hesabu waliokuwa Kidato cha Kwanza na waliofanya mtihani. Kama darasa lilianza na wanafunzi 60 na wakatahiniwa 45, uliza waliko wale 15. Wapo waliohama na wazazi wao, na hilo ni la kawaida. Wapo waliovutiwa na machimbo ya dhahabu ya Nyatike na Kuria, au na uvuvi wa usiku ziwani, na hao wanahitaji kutafutwa. Lakini kama jibu ni kwamba waliondolewa ili wasishushe wastani, basi mzazi ameshajua bango hilo lina thamani gani.

Jambo la pili linalohitaji uangalifu ni ule mshale wenyewe, yaani kulinganisha mwaka na mwaka. Mabango mengi ya sasa yanajivunia kupanda tangu 2022. Kupanda huko kunaweza kuwa kwa kweli, lakini kuna jambo lililotokea katikati. Kuanzia KCSE ya mwaka 2023, njia ya kukokotoa gredi ya mwisho ilibadilishwa.

Zamani mtahiniwa alihesabiwa masomo saba yaliyopangwa kwa makundi: Hisabati, Kiingereza na Kiswahili kwa lazima, kisha sayansi mbili, somo moja la jamii kama Historia au CRE, na somo moja jingine. Sasa yanayolazimishwa ni mawili tu: Hisabati, na lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Matano yanayobaki ni yale aliyoyafanya vizuri zaidi, yawe ya kundi lolote.

Tofauti yake tuione kwa mtahiniwa wa mfano. Tumwite Boke. Alifanya masomo manane. Hisabati alipata C-, pointi 5. Kiingereza C, pointi 6. Kiswahili B, pointi 9. Baiolojia C+, pointi 7. Kemia C-, pointi 5. CRE B+, pointi 10. Kilimo B, pointi 9. Historia B, pointi 9.

Kwa njia ya zamani tungehesabu Hisabati 5, Kiingereza 6, Kiswahili 9, Baiolojia 7, Kemia 5, CRE 10, na Kilimo 9. Jumla ni pointi 51 kati ya 84, na hiyo ni C+.

Kwa njia ya sasa tunahesabu Hisabati 5 na Kiswahili 9, halafu matano bora yaliyobaki: CRE 10, Kilimo 9, Historia 9, Baiolojia 7 na Kiingereza 6. Jumla ni 55, na hiyo ni B-. Kemia imeachwa nje.

Mtoto ni yuleyule, na karatasi ni zilezile. Gredi imepanda ngazi moja kwa sababu kanuni ya kuhesabu imebadilika. Kanuni ya sasa ina haki yake, kwa kuwa haimwadhibu mtoto wa CRE na Kilimo kwa sababu ya Kemia. Lakini haifai kuchukua wastani wa 2022, ukauweka kando ya wastani wa 2024, kisha ukasema tofauti yote ni juhudi ya shule. Nchini kote, waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 mwaka 2022, wakawa 201,133 mwaka 2023, na 246,391 mwaka 2024. Nchi nzima imepanda. Shule iliyopanda kidogo huenda imesimama palepale ilipokuwa. Ulinganisho ulio salama ni wa 2023 na 2024, kwa kuwa miaka hiyo miwili ina kanuni moja.

Hapo hapo kuna onyo kwa Boke mwenyewe na kwa wazazi wake. B- inampa nafasi ya kuomba shahada, kwa kuwa C+ ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu. Lakini ile C- ya Kemia haikufutika. Imeachwa nje ya hesabu ya gredi ya mwisho, ila bado imeandikwa kwenye cheti. Kozi nyingi za afya zinadai gredi fulani katika Kemia na Baiolojia, na zitaitazama. Boke akijaza uuguzi katika nafasi zake zote kwa sababu shangazi alisema mwenye B- anaweza kuwa muuguzi, huenda akakosa zote.

Lakini angalieni upande wa pili wa cheti hichohicho. Ana B ya Kiswahili na B+ ya CRE. TSC inadai mwalimu wa sekondari awe na C+ ya jumla, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Boke ameyatimiza yote. Anaweza kusomea ualimu wa Kiswahili na CRE, na miaka michache ijayo akasimama mbele ya darasa huko Kuria au Nyatike, ambako huenda anasubiriwa. Kwa hiyo kabla ya kujaza maombi kwenye tovuti ya KUCCPS, msomeni mtoto somo kwa somo. Msiishie kwenye gredi iliyoandikwa chini ya picha.

Kuna jambo la tatu, na hili linawahusu walimu wa shule za kutwa zaidi ya wengine. Katika kaunti hizi kuna shule za bweni zenye majina makubwa: Kanga na Rapogi upande wa Migori, Asumbi, Ogande na Agoro Sare upande wa Homa Bay. Kwa miaka mingi shule kama hizo zimepokea watoto waliofanya vizuri sana katika KCPE. Wanapofika Kidato cha Nne na kupata gredi za juu, pongezi ni zao na za walimu wao. Kumpokea mtoto mwerevu na kumtunza miaka minne bila kumpoteza ni kazi.

Lakini shule ya kutwa iliyompokea mtoto mwenye alama 230 kati ya 500, anayetembea kilomita kadhaa asubuhi na kusoma kwa taa ya sola jioni, ikamtoa na C+, imefanya kazi ya aina nyingine. Imemsogeza mtoto mbali kutoka alipoanzia. Bango la wastani halionyeshi umbali huo. Linaonyesha alikofika tu.

Shule yoyote inaweza kuupima umbali huo yenyewe. Chukua orodha ya watahiniwa wa 2024. Kando ya kila jina andika alama zake za KCPE ya 2020, kisha gredi yake ya KCSE. Wagawe katika makundi matatu kwa alama za kuingilia: walioingia na zaidi ya 300, walioingia kati ya 250 na 300, na walioingia chini ya 250. Halafu tazama kila kundi limefika wapi. Huenda ukagundua kwamba wale wa juu wameshuka, na wale wa chini ndio waliobeba shule. Au kinyume chake. Ukirudia hivyo kwa kila somo, utaona ni mwalimu yupi anayewainua watoto walioanza chini, hata kama somo lake halina A hata moja. Huyo naye astahili kuitwa mbele leo.

Hesabu hii ina mwisho wake. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na waliofanya mtihani huo watakuwa watahiniwa wa KCSE ya mwaka 2027, ambayo ndiyo ya mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Shule zina miaka michache tu ya kuitumia njia hii. Baada ya hapo zitahitaji kipimo kingine cha kuanzia, na ni vyema kumbukumbu za wanaoingia zitunzwe vizuri tangu sasa.

Mwisho, kuna wale ambao hawakuitwa hapa leo. Katika shule yetu ya mfano, watahiniwa 21 walipata C+ na zaidi. Walio chini yake ni 29. Hao ndio wengi, na wazazi wao wapo hapa, wengine wakiwa wamekaa nyuma kabisa.

Katiba ya 2010 iliweka shule za sekondari na walimu wake chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti ilipewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo kwa wale 29, kaunti inahusika moja kwa moja. Mwenye D+ hahitaji kurudia Kidato cha Nne ili aanze kujifunza umeme wa nyumba, uchomeleaji, ushonaji, useremala au ufundi wa magari. Anaweza kuanza kwa gredi aliyonayo. Mzazi anaweza kuuliza katika ofisi ya wadi chuo kilicho karibu kina kozi gani, ada ni kiasi gani, na kama basari imefunguliwa. Aulize mapema, kabla muhula haujaanza na nafasi hazijajaa.

Basi bango litundikwe langoni, na picha za wale watatu ziwe kubwa na zenye rangi. Wamestahili. Lakini chini yake, shule iongeze mistari mitatu. Wa kwanza useme watahiniwa walikuwa wangapi, na walioanza Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi. Wa pili utaje kila gredi na idadi ya walioipata, kuanzia juu mpaka chini. Wa tatu uwe na majina ya walimu wote waliolifundisha darasa hilo, pamoja na walioondoka.

Mzazi atakayesimama langoni akiisoma mistari hiyo ataijua shule hii kwa ukweli wake. Na mwalimu aliyesahihisha insha 50 kila wiki atapita hapo asubuhi, atasoma jina lake, kisha ataingia darasani.